Zabibu hazikuibiwa, daftari ndo lilizidisha: nilivyokagua jumla za ukurasa kwa ukurasa

Naandika hii kwa ajili ya makarani wa vikundi, AMCOS, vikoba na yeyote anayeshika kaunta buku ambalo kila ukurasa unaishia na jumla halafu ile jumla inavuka kwenda ukurasa unaofuata. Yaliyotukuta sisi upande wa Chamwino, hapa Dodoma, msimu wa zabibu wa mwezi wa nane na wa tisa, sitaki yamkute mtu mwingine, maana mdogo wangu aliitwa mwizi mbele ya mkutano na ukweli wenyewe ulikuwa umekaa kwenye daftari muda wote.

Mdogo wangu alikuwa mpimaji. Wakulima wanaleta zabibu kwenye kreti, yeye anapima, anatoa uzito wa kreti tupu, anaandika stakabadhi ya mkulima, kishina kinabaki. Karani anachukua kishina anaingiza kwenye daftari: tarehe, jina, kreti, kilo, fedha. Mstari mmoja mkulima mmoja, mistari 20 kwa ukurasa. Gari la mnunuzi likijaa linaondoka, wakifika kule wanapima tena na kutuma hati ya kupokea mzigo.

Msimu ulipofungwa daftari lilisema kilo 31,764. Hati za mnunuzi ukizijumlisha zote zinasema 31,115. Pungufu kilo 649. Hapo tena hakuna aliyeuliza daftari limejumlishwaje, swali lilikuwa moja tu, nani kauza kilo 649 za zabibu, na kwa kuwa mzani ulikuwa mikononi mwa mdogo wangu basi jibu likapatikana kabla ya swali kuisha. Wakasema posho yake ya msimu inazuiwa. Akanipigia simu usiku, "dada, wananiambia nilipe", na sauti yake siisahau. Mi niliwahi kufanya kazi ya stoo mjini miaka kadhaa, vitabu vya aina hii navijua, nikapanda basi asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti.

Nilimsalimia shikamoo mzee, nikamwambia sijaja kumtetea ndugu yangu, nimekuja kuomba kusoma daftari, na nitalisomea palepale ofisini mbele ya mhazini, silitoi nje. Hili la mwisho muhimu sana. Ukiwa na maslahi na mtu anayetuhumiwa usikubali kabisa kulala na daftari nyumbani kwako, hata wakikupa. Mzee akasema sawa mwanangu, soma, lakini hesabu karani kashazirudia mara mbili kwa kalkuleta na zimekuja vilevile.

Na kweli zilikuwa zimekuja vilevile. Karani alikuwa anachukua iliyoletwa ya juu, anajumlisha na mistari ya ukurasa, anapata inayopelekwa ya chini. Kila ukurasa unafunga. Tatizo ni kwamba alikuwa anahakiki ndani ya ukurasa tu, hahakiki pale katikati, kati ya ukurasa na ukurasa. Namba ikiingia vibaya juu ya ukurasa, ukurasa mzima utajumlishwa sawasawa kabisa juu ya uongo, na uongo huo unasafiri nao mpaka ukurasa wa mwisho bila kuongezeka wala kupungua hata kilo moja.

Kabla sijagusa jumla yoyote nilianza na safu ya kreti. Daftari lilisema kreti 1,486. Dereva kila safari alikuwa anahesabu kreti kwa fito, mistari minne ya kusimama na wa tano unaikata, anasaini pamoja na mpimaji. Nikahesabu yale mafungu ya tano tano, nikajumlisha karatasi zote, kreti 1,486. Sasa fikiria, kreti moja ilikuwa inabeba kama kilo 21, kwa hiyo kilo 649 ni kama kreti 31. Kreti 31 haziwezi kupotea na hesabu ya kreti ikabaki palepale. Mhazini akasema labda alikuwa anapunguza kidogo kidogo kwenye kila kreti. Haya, inawezekana, sikubishana, ila kwangu ilitosha kuniambia nitafute kwenye safu ya kilo peke yake.

Hapa ndo kuna kitu ambacho watu wengi hawakitumii. Bei ya msimu mzima ilikuwa moja, shilingi 1,200 kwa kilo. Maana yake safu ya kilo na safu ya fedha zinatembea pamoja, popote utakaposimama kwenye daftari, jumla ya kilo ukiizidisha kwa 1,200 lazima upate jumla ya fedha. Safu ya fedha mwishoni ilisoma 37,490,400. Gawanya kwa 1,200 unapata kilo 31,242. Lakini safu ya kilo inasema 31,764. Daftari linajipinga lenyewe kwa kilo 522, na hati za mnunuzi wala bado hatujazifungua.

Nilimwonyesha mhazini akaizungusha kalkuleta mwenyewe. Akanyamaza. Akazungusha tena.

522 inagawanyika kwa 9 bila baki, unapata 58. Wanaoshika vitabu wanaijua hii: tofauti ikigawanyika kwa 9 mara nyingi kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, mtu kaandika 54 badala ya 45, au kuna sifuri imeongezwa ama imeachwa. Ila usiishie hapo ukashangilia. Tarakimu mbili zilizokaa jirani zikibadilishana, tofauti lazima iwe 9, 18, 27 na kuendelea hadi 81, au hizohizo zikiwa na sifuri nyuma, kama 90 au 180 au 450 au 2,700. 522 haimo kwenye familia hiyo. Kwa hiyo nikajua ama sio kosa la aina hii ama makosa ni zaidi ya moja, yamelaliana.

Na angalia pia, ile 649 ya mwanzo haigawanyiki kwa 9. Kama ningeanza na hiyo ningesema hakuna tarakimu iliyopinduka na ningekosea. Kanuni ya 9 inafanya kazi pale tu unapolinganisha namba mbili ambazo zilitakiwa zilingane kabisa. Uzito wa kijijini na uzito wa kule kwa mnunuzi haulingani kabisa hata siku moja, zabibu zinapoteza maji njiani, jua la huku mnalijua.

Daftari lilikuwa na kurasa 18. Mtu mwingine angeanza ukurasa wa kwanza akashuka mstari kwa mstari mpaka macho yaume. Usifanye hivyo. Nenda katikati. Nilifungua ukurasa wa 9, nikaangalia mstari wa chini tu, inayopelekwa mbele: kilo 14,258, fedha 16,569,600. Fedha gawanya kwa 1,200 ni 13,808. Tofauti 450. Kumbe kati ya ukurasa wa 1 na wa 9 kuna kosa la 450, na lililobaki, 72, liko kati ya ukurasa wa 10 na wa 18. Kwa kuangalia mstari mmoja makosa mawili yameachana. Na sasa 450 ni 90 mara 5, na 72 ni 9 mara 8, zote zimo kwenye ile familia.

Tukaanza na 450. Chini ya ukurasa wa 5, kilo na fedha zinakubaliana. Chini ya ukurasa wa 7 zinakubaliana. Chini ya ukurasa wa 8 hazikubaliani. Basi liko ama kwenye ukurasa wa 8 wenyewe ama kwenye kuvuka. Nikasoma chini ya wa 7: iliyoletwa 8,612, jumla ya ukurasa 1,774, inayopelekwa 10,386. Nikageuza karatasi. Juu ya ukurasa wa 8: iliyoletwa 10,836.

Ile 3 na ile 8 zimebadilishana. Mamia na makumi, na zinaachana kwa 5, ndo maana tofauti ikawa 90 mara 5. Fedha ya pembeni yake, 12,463,200, imevuka salama bila hata doa.

Jambo la kuliangalia hapo ni mahali lilipotokea. Ukurasa wa 6 na wa 7 zinatazamana, ukifungua daftari unaziona zote mbili kwa pamoja, jicho lako linanakili huku linaona. Kutoka wa 7 kwenda wa 8 unageuza karatasi. Ile namba unaibeba kichwani, sekunde mbili tatu tu, na hapohapo kuna mama kasimama na kreti zake anakuuliza mbona wa kwangu hujaniandika. Kwa hiyo kama huna muda wa kuhakiki vivuko vyote, anza na vile vya kugeuza karatasi, 1 kwenda 2, 3 kwenda 4, 5 kwenda 6, hivyohivyo. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyosikika: usiibebe kichwani. Kunja pembe ya chini ya karatasi iende juu namba ionekane, au andika kwenye kipande cha karatasi, halafu isome tarakimu moja moja, moja, sifuri, tatu, nane, sita. Ukiisoma elfu kumi na mia tatu themanini na sita kichwa kinaishika kama sentensi na sentensi ni rahisi kuivuruga. Wawili mkiwepo, mmoja asome wa pili aandike, kisha aliyeandika amsomee mwenzake kutoka kwenye kile alichoandika yeye.

Lile la 72 lilikuwa tamu zaidi. Kwa njia ileile ya kukata katikati tulifika ukurasa wa 13, chini ya wa 12 tofauti bado 450, chini ya wa 13 tofauti 522. Kivuko kilikuwa sawa, nikalinganisha namba zote mbili tarakimu kwa tarakimu. Basi ni ndani. Jumla ya ukurasa ilisomeka kilo 2,003 na fedha 2,317,200, ambazo ni kilo 1,931. Kwanza tukajumlisha mistari upya kutoka chini kwenda juu, maana ukirudia kwa mwelekeo uleule akili inarudia kosa lilelile, tukapata 2,003. Kumbe kujumlisha ni sawa, iliyoharibika ni namba moja kwenye mistari.

Tofauti ni 9 mara 8, kwa hiyo ni makumi na mamoja, na tarakimu zinaachana kwa 8. Zinazoachana kwa 8 ni mbili tu: 1 na 9, au 0 na 8. Na kwa kuwa namba imezidi, iliyoandikwa lazima iishie na 91 au 80. Nikamwambia mhazini, mama, usisome majina, tafuta mstari wowote kwenye safu ya kilo unaoishia 91 au 80. Akateremsha kidole, mstari wa 16, akasema huu hapa. Kreti 1, kilo 91, fedha 22,800.

Kreti moja, kilo 91! Hata ukipanga mawe haitafika. Na fedha 22,800 ni kilo 19 haswa. Karani alizidisha kwa kuangalia kishina, kilichoandikwa 19, lakini kwenye safu ya kilo mkono ukaandika 91. Tukachomoa kishina, 19.

Kwa hiyo 31,764 toa 450 toa 72 unapata 31,242. Ukilinganisha na 31,115 za mnunuzi, pungufu ni kilo 127, ambayo haifiki hata nusu kilo kwenye kila kilo mia, na ukiigawa kwa safari za gari ni kilo chache chache kila safari. Hiyo ni maji.

Mwenyekiti alipoelezwa akataka kufunga mjadala palepale, nikamwambia mzee bado. Na hili naomba walielewe hata wale wanaojua kukagua. Tulichothibitisha ni kwamba daftari linakubaliana na lenyewe. Hatujathibitisha kwamba ni la kweli. Kama karani angekosea kusoma kishina halafu akazidisha ile namba mbovu kwa 1,200, kilo na fedha zingekubaliana vizuri kabisa na njia yangu isingeona chochote. Hapo hakuna ujanja wa hesabu, ni kurudi kwenye vishina, mmoja anasoma kishina, mwingine anaweka tiki kwenye daftari kwa kalamu ya rangi tofauti. Ilitula siku nzima na jioni yake, mgongo unauma, chai ya rangi na mihogo, na tukakuta mmoja: kishina kilo 68, daftari kilo 86, fedha 103,200. Kila kitu kwenye ule mstari kinakubaliana na chote sio kweli. Bahati malipo ya mkulima yule yalikuwa hayajatoka, angelipwa shilingi 21,600 zaidi na kuzidai baadaye ungekuwa ugomvi mwingine. Jumla ya kweli ikashuka kuwa kilo 31,224 na pungufu la njiani likawa 109.

Kuna watu wanapenda kuhakiki kwa kujumlisha tarakimu za namba mpaka ibaki moja, ile ya kutupa tisa. Ni nzuri kwa kukamata kosa la kujumlisha, lakini kwa kosa la kunakili kama letu haifai kitu. 10,386 tarakimu zake jumla 18, na 10,836 ni 18 vilevile. Tarakimu ni zilezile, zimehama viti tu.

Kuhusu mpangilio wa ukurasa, nilichowashauri ni mistari mitatu chini, isichanganywe: jumla ya ukurasa huu peke yake, iliyoletwa, halafu inayopelekwa. Daftari letu angalau lilikuwa hivyo na ndo lililotuokoa. Nimeshaona vikundi vinaandika iliyoletwa kama mstari wa kwanza wa ukurasa, halafu karani akijumlisha chini anaiingiza, kisha anaiongeza tena kama iliyoletwa. Dalili yake ni jumla kuruka ghafla karibu mara mbili, na ikitokea ukurasa wa pili, ambapo jumla bado ni ndogo, inaweza isishtue mtu. Ukiwa na jumla ya kila ukurasa peke yake unaweza pia kuchukua karatasi moja ukaorodhesha jumla za kurasa zote na kuzijumlisha, jibu lazima lifanane na inayopelekwa ya ukurasa wa mwisho. Kwetu ingetoa 31,314, maana jumla za kurasa hazipitii kwenye vivuko, na ile 450 ingejitaja yenyewe asubuhi ya kwanza, ingebaki ya kutafuta ile 72.

Na bei ikibadilika katikati ya msimu, usiendelee kwenye ukurasa uleule. Piga mstari, funga jumla kwa bei ya zamani, anza ukurasa mpya kwa bei mpya, la sivyo kilo na fedha zinaacha kutembea pamoja na umepoteza kipimo chako kizuri kuliko vyote.

Mvutano wa mwisho ulikuwa jinsi ya kusahihisha. Mwenyekiti alitaka karani anunue kaunta buku jipya, anakili kurasa zote 18 vizuri, lile la zamani lichomwe ili mambo yaishe. Nilikataa na mhazini akanisapoti. Mkaguzi wa ushirika akija anataka kuona daftari la awali lenye maandishi ya siku ileile, na daftari safi lililoandikwa kwa kalamu moja siku moja ndo litamfanya aanze kuuliza maswali. Halafu kunakili kurasa 18 ni kutengeneza vivuko vingine 17 vya kukosea.

Tulichofanya ni hiki. Kwenye 10,836, kwenye 91 na kwenye 86 tulipiga mstari mmoja wa kukata, namba ya zamani ibaki inasomeka, juu yake ya sahihi, pembeni "tazama uk. 18" na saini mbili. Hakuna wino mweupe, hakuna kufuta. Jumla za kurasa za katikati hatukuzigusa. Kwenye ukurasa wa 18, chini ya inayopelekwa, tukaandika mistari mitatu ya marekebisho: uk. 7 kwenda 8, toa kilo 450, uk. 13 mstari wa 16, toa kilo 72; na ule wa kilo 86, toa kilo 18 na shilingi 21,600, na namba ya kishina chake. Jumla iliyorekebishwa, kilo 31,224, shilingi 37,468,800. Mwenyekiti, mhazini, karani na mpimaji wakasaini wote.

Mdogo wangu alilipwa posho yake wiki iliyofuata. Waliomwita mwizi kwenye mkutano mpaka leo hawajamwambia kitu, wanamsalimia tu mbukwa kama kawaida, na msimu wa mwezi wa pili alikataa kurudi kwenye mzani.